Kumpasua Kuku Aliyekufa kwa Mdondo: Wapi pa Kuangalia, na Kuku Yupi wa Kuchagua

Kuku wa kienyeji wakianza kufa wawili watatu kwa siku, mfugaji hukimbilia duka la dawa na kurudi na pakiti ya oksitetrasaiklini, ule unga wa njano. Kuku wanaendelea kufa. Wiki inayofuata anarudi kununua dawa nyingine, na banda linabaki na bata peke yao. Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo vijijini kwa miaka mingi, na ninachokiona ni kwamba kisu kikali na nusu saa ya kumchungulia kuku mmoja ndani kingeokoa hela hiyo yote. Mdondo ni ugonjwa wa virusi, na hakuna dawa ya kuutibu. Ukijua ni wenyewe, unaacha kununua unga na kuanza kushughulikia kuku waliobaki pamoja na wa jirani.

Mdondo ndio wengine wanaouita kideri, na wauza dawa huutamka Nyukaso, kutokana na mji wa Newcastle wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Kuku akishaambukizwa, kwa kawaida hukaa siku 5 au 6 kabla ya kuonyesha dalili, ingawa huweza kuwa siku 2 tu au zikafika 15. Kumbuka siku hizo, maana tutazihitaji mbele.

Kabla ya kushika kisu

Anza kwa maswali. Kuku wa kwanza kuugua alikuwa yupi, na aliingia lini? Je, kuna aliyenunuliwa mnadani, aliyeletwa zawadi, au aliyepelekwa sokoni akarudi bila kuuzwa? Walichanjwa lini? Na swali ambalo wengi hulisahau: bata wanaendeleaje? Bata hubeba virusi vya mdondo mara nyingi bila kuugua. Kuku wakifa huku bata wanaogelea kwenye karai, mdondo unapanda juu katika orodha yako. Bata nao wakifa kwa mpigo, fikiria kipindupindu cha kuku, au jambo zito zaidi.

Jambo hilo zito ni mafua makali ya ndege, ambayo mwaka 2017 yalithibitishwa Uganda kando ya Ziwa Viktoria. Ukikuta kundi zima limekufa ndani ya siku moja au mbili, vilemba na ndevu vimegeuka bluu iliyoiva, vichwa vimevimba na miguu ina madoa ya damu chini ya magamba, au kuna ndege wa porini waliokufa karibu na hapo, usimpasue hata mmoja. Funga mzoga kwenye mifuko miwili ya nailoni, nawa, na mpigie afisa mifugo. Ndani ya kuku, magonjwa haya mawili hufanana kiasi kwamba hata mtaalamu aliyezeeka kazini hayatofautishi kwa macho.

Kama hali si hiyo, andaa kisu, mkasi, glavu (usipokuwa nazo, mifuko ya nailoni mkononi itafaa), ndoo ya maji ya sabuni, na mfuko mtupu wa saruji wa kutandika chini. Chagua mahali pa mbali na banda na kisima, tena kivulini. Virusi vya mdondo humpata binadamu pia, lakini kwa kiasi kidogo: macho huwa mekundu na kutoa machozi kwa siku chache. Kwa hiyo usijipanguse jasho usoni na glavu ile.

Kuku yupi apasuliwe

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata wenzangu wa ugani. Kuku aliyepinda shingo, anayetazama juu au kuzunguka kama aliyelewa, ndiye anayevutia macho ya kila mtu, na ndiye anayeletwa kwanza. Kwa kumpasua, mara nyingi ndiye asiyefaa kuliko wote.

Sababu yake ni mwendo wa ugonjwa wenyewe. Siku za mwanzo virusi huharibu njia ya hewa na utumbo: kuku hupumua kwa mdomo wazi, hukoroma, huhara maji ya kijani, na wengi hufa hapo hapo. Wanaovuka siku hizo ndio wanaopatwa na mishipa ya fahamu: shingo inapinda, mbawa zinalegea, miguu inapooza. Wakati huo vidonda vya tumboni mara nyingi vimeshaanza kupona, na ubongo, ambao ndio unaoumwa, hauna kitu cha kuonekana kwa macho. Unapasua kuku mwenye dalili iliyo wazi kuliko zote, halafu ndani hukuti kitu, unahitimisha kwamba si mdondo.

Chukua basi kuku waliokufa mapema katika mlipuko, wale wa kuhara kijani na kuhema, na uwe na wawili au watatu badala ya mmoja. Wawe wamekufa asubuhi ile ile. Kwenye joto letu, kuku aliyekaa saa chache juani utumbo wake hugeuka kijani na kuvimba, na rangi za kuoza hufanana na rangi za ugonjwa. Kama wote waliokufa wameshaoza, ni afadhali kumchinja mmoja aliye taabani kuliko kusoma mzoga ulioharibika. Yule wa shingo iliyopinda mwache kwa ajili ya maabara.

Kumfungua

Mloweshe kuku mzima kwenye maji ya sabuni ili manyoya na vumbi visiruke. Kabla ya kukata, mtazame: kope za ndani ni nyekundu? Uso umevimba? Manyoya ya nyuma yana kinyesi cha kijani?

Mlaze chali. Kata ngozi kati ya paja na tumbo pande zote mbili, kisha bonyeza mapaja nje mpaka viungo vya nyonga viteguke. Sasa atatulia bila kushikwa. Vuta ngozi ya kifua kuelekea shingoni, inachanika yenyewe. Nyama ya kifua ikiwa imejaa na nyekundu, kuku huyu amekufa haraka, alikuwa na afya wiki iliyopita. Ikiwa mfupa wa kidari umechongoka kama kisu, aliumwa muda mrefu, na unapaswa kufikiria minyoo au ugonjwa mwingine wa polepole.

Kata kwa mkato wa kulala chini ya ncha ya kidari, halafu kata mbavu kwa mkasi pande zote mbili hadi begani, uinue kifua chote kama kifuniko cha sufuria. Usishike kitu bado. Tazama kwanza kila kitu kilipo: rangi ya ini, mafuta yaliyouzunguka moyo, na vile vifuko vya hewa vilivyo kama nailoni nyembamba. Vifuko hivyo vikiwa na ukungu au utando wa njano, njia ya hewa imeshambuliwa, ama na mdondo wenyewe, ama na bakteria waliofuata nyuma yake.

Rudi shingoni. Ingiza mkasi kwenye pembe ya mdomo, kata kushuka hadi kwenye gole, ule mfuko wa chakula. Pembeni utaliona bomba la hewa lenye pete ngumu. Lipasue kwa urefu. Bomba zima la kuku mzima ndani ni jeupe linalong'aa. Kwa mdondo, mara nyingi utalikuta jekundu, pengine na vitone vya damu na ute mzito. Hiyo peke yake haitoshi, kwani yapo magonjwa mengine kadhaa ya kuku yanayolifanya jekundu, lakini iweke akilini.

Tumbo la tezi: hapa tulia

Kuku ana matumbo mawili. Firigisi kila mtu anaijua kwa sababu huliwa. Juu yake, kabla ya kuifikia, kuna tumbo dogo laini lenye umbo la yai refu, linalotoa tindikali ya kusaga chakula. Hilo ndilo tumbo la tezi, na wengi hulitupa bila kuliangalia kwa kuwa halina nyama.

Kata umio juu yake kidogo, uvute matumbo na utumbo wote nje hadi kwenye tundu la haja. Kisha pasua tumbo la tezi na firigisi kwa mkato mmoja mrefu, ili uone mpaka wa haya mawili. Suuza taratibu kwa maji; usikwangue.

Ndani ya tumbo la tezi utaona vichunusi vingi vilivyopangika, kila kimoja na tundu katikati. Kwa kuku mzima vina rangi ya maziwa yaliyochanganywa na damu kidogo. Kwa mdondo mkali, ncha za vichunusi hivyo huwa na vitone vya damu, kila kichunusi na chake, kana kwamba mtu amevichoma kwa sindano kimoja kimoja. Mara nyingi vitone hujipanga zaidi kama pete pale tumbo linapoungana na umio, au linapoungana na firigisi. Bandua na ile ngozi ngumu ya njano ya firigisi, kwani chini yake pia damu huweza kuwa imevuja.

Jaribio moja la kukusaidia: pangusa kwa kidole chenye glavu. Wekundu wa jumla unaotokana na mzoga kulala hutapakaa bila mipaka, na damu iliyomwagika wakati wa kukata hutoka kwa kupangusa. Vitone vya ugonjwa vimo ndani ya nyama. Havitoki na mipaka yake haibadiliki.

Ukivikuta kwa kuku wawili kati ya watatu, pamoja na historia inayolingana, una sababu nzito ya kusema mdondo. Usipovikuta, usiufute. Aina za virusi hutofautiana: zipo zinazopendelea utumbo, na zipo zinazokwenda moja kwa moja kwenye mapafu na mishipa ya fahamu, zikaua bila kuacha alama yoyote tumboni.

Utumbo, bandama na kinachobaki

Unyooshe utumbo juu ya mfuko wa saruji. Kabla hujaupasua, utazame kwa nje: mabaka meusi au mekundu yenye umbo la punje kubwa, yaliyotengana, huonekana kupitia ukuta wake. Pasua kwa urefu. Kwa ndani mabaka hayo huwa yameinuka na kufunikwa na gamba la nyama iliyokufa. Ukilikwangua, chini kuna kidonda. Angalia hasa pale vile vifuko viwili virefu vya utumbo vinapoungana na utumbo mkuu. Kwenye shingo ya kila kifuko kuna uvimbe mdogo wa kinga, na kwa mdondo huvimba, huvuja damu, pengine hufa kabisa. Kwangu mimi hapo ni pa pili kwa uzito baada ya tumbo la tezi.

Bandama ni kitu cha mviringo chekundu kilichojificha pembeni mwa matumbo. Ikiwa na madoadoa meupe madogo, iandike. Kwa mtetea anayetaga, viini vya mayai huwa vimelegea na kupoteza umbo, na pengine kimoja kimepasuka, ute wa njano umetapakaa tumboni. Hiyo inaeleza kwa nini utagaji hukatika ghafla, au mayai huja na ganda laini, kabla hata kuku hajaonekana mgonjwa.

Magonjwa yanayojifananisha nao hujitenga hapo hapo ukijua alama moja ya kila moja. Kuhara damu kwa vifaranga hujaza vile vifuko viwili vya utumbo damu, wala tumbo la tezi halihusiki. Homa ya matumbo ya kuku huvimbisha ini na kulipa rangi ya shaba yenye ukijani. Kipindupindu cha kuku hutia vitone vya damu kwenye mafuta ya moyo, na madoa meupe madogo kwenye ini. Mahepe nayo hupoozesha mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, lakini polepole, na mshipa mnene wa paja huonekana umevimba upande mmoja. Mwenye kusumbua ni gumboro, kwa kuwa nayo huweza kuvujisha damu kwenye mpaka wa tumbo la tezi na firigisi. Iangalie umri wa kuku: gumboro hupenda wa wiki 3 hadi 6, huvuja damu kwenye nyama za mapaja, na hukivimbisha kile kifuko kilicho juu ya njia ya haja. Mdondo haubagui umri.

Kisa cha kuku arobaini na mmoja

Mwezi wa Oktoba, kwenye kijiji kimoja cha mkoa wa Singida, mama mmoja alinipigia asubuhi. Alikuwa na kuku 41 na bata 5. Nilipofika, alikuwa ameshanunua unga wa njano mara mbili.

"Bwana mifugo, hii si kideri," aliniambia. "Kideri naijua, shingo hupinda. Hawa wanahara tu na kukoroma. Aliyepinda ni mmoja."

Nilimuuliza kuhusu kuku mgeni. Jumapili ya wiki iliyotangulia alinunua jogoo mnadani, akamchanganya na wengine jioni ile ile. Alhamisi jogoo alipiga chafya na kusinzia. Jumatatu akafa, na siku ile ile mitetea miwili ikaanza kuhema. Nilifika Ijumaa, wameshakufa 13. Bata wote wazima. Chanjo ya mwisho hakuikumbuka.

Zihesabu siku hizo. Jogoo alikuja na virusi tayari, akaonyesha dalili baada ya siku 4, na kuku wa nyumbani wakafuata siku 4 baadaye. Kipindupindu kingeenda haraka zaidi, na pengine kingewapitia bata.

Nilipasua watatu. Mtetea aliyekufa alfajiri: bomba la hewa jekundu, vitone kwenye tumbo la tezi vimejipanga juu kama ushanga, mabaka mawili kwenye utumbo, kiini kimepasuka tumboni. Tembe aliyekuwa anakata roho, ambaye tulimchinja: tumbo la tezi vitone vichache, lakini kwenye shingo za vile vifuko viwili damu tupu. Wa tatu alikuwa yule wa shingo, kwa sababu mwenyewe aliniomba sana. Amekonda, mapafu safi, tumbo safi, utumbo safi.

"Sasa huyu ameuawa na nini?" akauliza. Nikamwonyesha wale wawili, nikamwambia huyu ni ndugu yao aliyetangulia kuugua, tumefika ndani yake baada ya wageni kuondoka.

Kichwa cha huyo wa tatu pamoja na mzoga mwingine mzima nilivifunga kwenye mifuko miwili, nikaviweka kwenye boksi la barafu, vikapanda basi la jioni kwenda maabara. Barafu tu, bila kugandisha, na vifike ndani ya siku moja. Maana kisu kinakupa shaka yenye nguvu. Anayethibitisha ni maabara. Ukiwa na njia ya kuzifikia maabara za Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), zitumie, na uandike kwenye karatasi umri wa kuku, idadi ya waliokufa, na tarehe ya kwanza. Majibu yalikuja: mdondo.

Siku hiyo hiyo, bila kusubiri maabara

Mizoga, manyoya na ule mfuko wa saruji vyote viingie shimoni, karibu mita moja kwenda chini, mbali na kisima. Mwaga chokaa au majivu, fukia, weka miba na mawe juu, kwa kuwa mbwa wa jirani akifukua, ugonjwa umepata usafiri. Maji ya kuoshea kuku aliyechinjwa akiumwa nayo yasimwagwe uani. Mdondo mwingi wa vijijini hutembea na manyoya na matumbo ya kuku aliyeliwa jana.

Osha vyombo kwa sabuni kwanza, ndipo uvipitishe kwenye maji ya klorini ya kufulia, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji. Klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Badili nguo na viatu kabla ya kuingia banda lingine. Mimi mwenyewe siku ya kupasua siendi kwa mfugaji wa pili.

Usiuze waliobaki. Najua hili ni gumu, tenga la kuku 10 ni ada ya shule. Lakini kuku anayeonekana mzima leo huenda amebeba virusi, na mnunuzi wako ndiye atakayekuwa yule mama wa wiki ijayo. Wazuie ndani hadi zipite siku 21 tangu kifo cha mwisho.

Usikimbilie kuchanja kundi linaloumwa pia. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, waliokwisha kuambukizwa watakufa hata hivyo, na mtaa mzima utasema chanjo imeua kuku. Wa kuchanja haraka ni wa majirani ambao bado hawajaguswa. TEMEVAC, inayotengenezwa na TVLA Kibaha, hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, kwa hiyo hufika vijijini bila jokofu la kila hatua, ingawa chupa ifungwe kwenye kitambaa kibichi na isiachwe juani. Ni tone moja kwenye jicho moja, kifaranga kwa koo sawa sawa, na unarudia kila baada ya miezi 3. Subiri kuku apepese jicho kabla ya kumwachia. Tone likitiririka shavuni, huyo hajachanjwa.

Yule mama alibakiwa na kuku 7. Wawili kati yao shingo zilibaki zimepinda kidogo, lakini wanakula. Baada ya zile siku 21 tulichanja wote pamoja na vifaranga 12 vya jirani yake, akaanza upya kwa mayai ya kuatamia badala ya kununua kuku mnadani. Jogoo mpya alipomtaka, alimfungia wiki 3 kwenye jiko la zamani, peke yake, na maji yake na chombo chake.